Tatuu kwenye mkono wa mpiga zeze: kiraka kisichobeba mwanga wake

*"Shikamoo fundi. Nahariri filamu fupi ambayo hadithi yake ni ya mwaka 1973, na mpiga zeze wetu ana tatuu kwenye kigasha cha mkono wa kulia, ule unaovuta upinde. Ni jina la mwanae, herufi nyeusi, urefu kama sentimita 10. Tulipiga Hombolo kwenye shamba la zabibu, jua la saa tisa linapenya kwenye majani. Nimeweka kiraka cha rangi ya ngozi kwenye After Effects nikakitraki, lakini kinaonekana kama plasta, na mkono ukizunguka kinaelea. Shoti ni sekunde 7, fremu 25 kwa sekunde. Nifanyeje?"*

Marahaba. Una matatizo mawili yaliyopandana, na ukiyashughulikia kwa pamoja utahangaika wiki nzima. Kuelea ni kosa la kutraki. Kuonekana kama plasta ni jambo jingine kabisa: hata kiraka kikiganda barabara kwenye ngozi, bado kitaonekana, kwa sababu kimebeba mwanga wa fremu moja na unakilazimisha kiishi kwenye fremu 175.

Nianze na kuelea. Kigasha ni mviringo, na kingo za mviringo tunazoziona kwenye picha si sehemu ya ngozi. Mpigaji akigeuza mkono, ngozi yake inateleza kuelekea ukingoni na kupotelea nyuma, lakini ukingo wenyewe unabaki palepale. Sasa, ukichora umbo la kutraki likagusa ukingo wa mkono, programu itaung'ang'ania ukingo huo kwa sababu ndipo palipo na tofauti kubwa ya rangi, hasa mkono mweusi ukiwa mbele ya majani yanayowaka jua. Kiraka kinabaki na ukingo, ngozi inaondoka na tatuu yake. Huko ndiko kuelea unakokuona. Mng'ao wa jasho una tabia hiyohiyo: unakaa upande wa jua, haufuati ngozi. Vivuli vya majani ndivyo vibaya zaidi, maana vinatembea vyenyewe kila upepo ukivuma, na Hombolo mchana upepo hauna likizo.

Kitu kinachofuata ngozi bila kudanganya ni tatuu yenyewe, basi traki hiyo. Weka Mocha AE, programu ya kutraki, kwenye klipu (inakuja pamoja na After Effects, hununui kitu), uchore umbo linalozunguka herufi na ngozi kidogo pembeni, liishie mbali na kingo zote mbili za mkono. Washa Translation, Scale, Rotation na Shear. Perspective iache imezimwa: kipande kidogo hivi cha ngozi hakina taarifa za kutosha kuikokotoa, na utaona pembe zinarukaruka. Kama kuna mng'ao mkali unaopita juu ya herufi, au bangili inayoteleza, uzungushie umbo la pili na uliweke juu ya lile la kwanza kwenye orodha ya leya. Mocha haisomi sehemu ya leya ya chini iliyofunikwa na leya ya juu.

Fremu ya kuanzia ichague kwa makini, kwa sababu kila kitu kitaijengea juu. Mpiga zeze anakurahisishia: upinde ukifika mwisho wa mvuto, kabla haujarudi, mkono unasimama kidogo. Hapo herufi ziko wazi, hazina ukungu wa mwendo. Tafuta mwisho wa mvuto mmoja ambapo tatuu inaitazama kamera, na herufi zote ziko juani au zote kivulini, pasipo mpaka wa kivuli unaokatiza katikati. Kwa mfano wetu tuseme ni fremu ya 64. Traki kwenda mbele hadi mwisho, rudi 64, traki kurudi nyuma hadi mwanzo. Kisha washa gridi ya Mocha na uangalie, usitazame kitu kingine ila kona moja ya herufi moja. Ikiwa mstari wa gridi unahama kutoka kwenye kona hiyo, nenda AdjustTrack urekebishe kwenye miisho ya mivuto, si katikati yake. Katikati ya mvuto herufi ni ukungu mtupu na hutajua unabandika wapi.

Kuna kitufe kimoja ambacho wengi wanakiruka kisha wanateseka kupachika kiraka kwa mkono. Ukiwa fremu ya 64, bonyeza Align Surface. Uso wa traki unatanuka hadi ukubwa wa picha nzima, na fremu hiyo inakuwa ya msingi. Maana yake ni kwamba picha nzima ya fremu ya 64, ukishaisafisha, itakaa mahali pake yenyewe bila kuikuza wala kuisogeza. Hifadhi, rudi After Effects, bonyeza Create Track Data, uchague traki yako, na kwenye Export Option chukua ile Corner Pin inayotaja Motion Blur. Usiipeleke popote kwanza. Tunatengeneza kiraka.

Toa fremu ya 64 kama picha tulivu, ufute tatuu kwa Clone Stamp, hapohapo au kwenye Photoshop. Ngozi ya kuazima ichukue kwa urefu wa mkono, yaani kutoka upande wa kiwiko au wa kifundo, kamwe si kutoka pembeni. Mwanga kwenye mviringo unabadilika haraka ukivuka mkono, lakini ukienda na urefu wake unabadilika polepole. Ukiazima pembeni utaleta ngozi yenye giza mahali penye mwanga. Brashi iwe na kingo laini lakini Opacity iwe 100. Brashi hafifu inayopitishwa mara nyingi inayeyusha vinyweleo na kuacha ngozi ya sanamu.

Hapa ndipo wewe ulipochukua hicho kiraka cha rangi ya ngozi ukakiweka juu ya klipu. Mimi ningekitumia kwa kazi nyingine: kupima tu wino umeitia ngozi giza kiasi gani.

Fikiria kinachotokea mwilini. Wino wa tatuu umekaa chini, kwenye tabaka la pili la ngozi. Juu yake kuna ngozi ya nje na melanini yake, vinyweleo, vumbi na jasho. Vyote hivyo bado vipo kwenye klipu yako, vinasogea sawasawa, vinapokea mwanga sawasawa. Kiraka cha kawaida kinavifunika vyote ili kuficha wino ulio chini yake, kisha unahangaika kuvitengeneza upya. Wino umefanya kitu kimoja tu: umemeza sehemu ya mwanga. Na kiasi hicho, kama sehemu ya mwanga unaofika, hakibadiliki mkono ukiwa juani au kivulini.

Tuchukue namba, kwa kipimo cha 0 hadi 255. Tuseme kwenye fremu ya 64, juani, ngozi safi kando ya herufi inasoma nyekundu 118, kijani 78, bluu 58. Ndani ya herufi inasoma 62, 50, 46. Gawanya ya wino kwa ya ngozi: unapata 0.53, 0.64 na 0.79. Ona pia kwamba wino umekula nyekundu zaidi kuliko bluu. Ndiyo maana tatuu nyeusi kwenye ngozi ya kahawia inaonekana kama ina ubluu fulani. Sasa jani linapita, kivuli kinaangukia mkono, na ngozi inashuka hadi nusu: 59, 39, 29. Herufi nazo zinashuka hadi 31, 25, 23. Kiraka chako bado kinasoma 118, 78, 58. Plasta yako ndiyo hiyo. Lakini ukichukua zile 31, 25, 23 ukazigawa kwa 0.53, 0.64 na 0.79, unapata 58, 39, 29. Umerudi kwenye ngozi ya kivulini, na hakuna mtu aliyekuwa na haja ya kuiambia programu kwamba kivuli kimepita.

Kwenye After Effects hesabu hii haihitaji kodi wala programu ya ziada. Tengeneza komposisheni mpya, iite WINO. Chini weka fremu ya 64 yenye tatuu, juu yake weka ileile uliyoisafisha, na leya hiyo ya juu ipe modi ya Divide. Modi hii inagawa cha chini kwa cha juu. Utaona picha nyeupe tupu, isipokuwa mahali pa herufi, ambapo kuna maandishi ya rangi iliyofifia. Hiyo ndiyo ramani ya wino. Juu yake weka leya ya Adjustment yenye Gaussian Blur ya pikseli 1, isizidi 2, ili vinyweleo vya fremu ya 64 vilivyoganda kwenye ramani visigongane na vinyweleo vilivyo hai kwenye klipu.

Halafu peleka WINO kwenye komposisheni kuu, juu ya klipu, nayo uipe modi ya Divide. Sasa rudi kwenye Mocha AE na uipe WINO ile traki kwa Layer Export To na Apply Export. Palipo na nyeupe hakuna kinachobadilika, kwa sababu kugawa kwa 1 ni kuacha kama kilivyo. Kwa hiyo hakuna ukingo wa kiraka wa kulainisha. Kiraka hakina ukingo. Chora tu maski pana inayozunguka herufi ili chembechembe za picha zilizobaki kwingine kwenye ramani zisiguse uso wa mtu.

Mambo mawili ya mradi yaweke sawa kabla. Mradi uwe wa biti 16 kwa kila chaneli, siyo 8, la sivyo kivulini utaona ngazi za rangi. Na kama mlipiga kwa Log, igeuze klipu kwenda Rec. 709 au kwenye mwanga wa mstari kwanza. Kwenye Log kuzidisha kunageuka kujumlisha, na hesabu yote hapo juu inavunjika: herufi zitapotea juani na kurudi kila kivuli kikipita. Ukiona dalili hiyo, usiguse traki, kagua rangi za klipu.

Kisha kuna ukungu wa mwendo. Mkono ukiwa katikati ya mvuto, herufi kwenye klipu zimefutika kuelekea upande mmoja, huku ramani yako imebaki kali. Kugawa ukungu kwa kitu kikali kunaacha herufi mbili: mstari mweupe katikati na giza pembeni. Washa swichi ya Motion Blur kwenye leya ya WINO, na kwenye Composition Settings uweke Shutter Angle 180, ambayo kwa fremu 25 ni sawa na shata ya 1/50, na Shutter Phase -90. Kama kamera yenu ilikuwa 1/100, weka 90 na -45. Hili ukilipuuza, miisho ya mivuto itakuwa safi na katikati patacheza mzuka wa jina la mtoto.

Sasa kuzunguka kwa mkono, maana hapo Corner Pin ina kikomo chake. Mtu akigeuza kiganja, mfupa mmoja wa kigasha unajiviringisha juu ya mwenzake. Karibu na kifundo ngozi inazunguka sana, karibu na kiwiko ni kama haizunguki kabisa. Tatuu ya sentimita 10 inajipinda kama unavyokamua kitambaa, na pembe nne za bapa haziwezi kujipinda hivyo. Utaligundua kwa sababu nusu moja ya jina itakuwa imeganda vizuri huku nusu nyingine inateleza, na ukirekebisha moja unaharibu nyingine. Igawe basi. Traki herufi za upande wa kifundo kwa umbo lake, za upande wa kiwiko kwa lake, fremu ya msingi ikiwa 64 kwa zote mbili, na WINO iwe leya mbili zenye maski zinazokutana katikati. Pitisha mpaka kwenye nafasi kati ya herufi mbili kama ipo. Hapo ramani ni nyeupe na mshono hauna cha kuonyesha. Kama haipo, angalia alama: mstari unaong'aa kwenye mshono ni maski zinazopandana, ngozi inasahihishwa mara mbili, mstari wa giza ni pengo.

Na kama katika hizo sekunde 7 tatuu inafika ukingoni kabisa, kiasi kwamba herufi zimebanwa kuwa nyuzi, usiivute ramani ya fremu ya 64 hadi huko. Chagua fremu ya pili ya msingi karibu na hapo, safisha upya, traki upya, na ubadilishane kati ya ramani mbili kwa fremu 4 au 5 katikati ya mvuto, mkono ukiwa kwenye ukungu. Hakuna jicho litakaloona mabadiliko hapo.

Kinachobaki ni jasho. Mng'ao ni mwanga uliorudi kutoka juu ya ngozi kabla haujafika kwenye wino, kwa hiyo wino haukuupunguza. Ramani yako haijui hilo, itaugawa kama ngozi nyingine, na mng'ao ukipita juu ya herufi zitawaka rangi ya chungwa. Tengeneza nakala ya klipu, iwekee Extract hadi ibaki sehemu za mng'ao pekee, lainisha kidogo, na uitumie kama matte iliyogeuzwa ya leya ya WINO, ili ramani isifanye kazi pale panapong'aa. Usiikaze sana. Ukikata ngozi yenye jua la kawaida pamoja na mng'ao, tatuu itaanza kuchungulia.

Kukagua, usitegemee kutazama picha ya kawaida ikiwa imesimama. Geuza kioo kionyeshe chaneli nyekundu pekee, kwa sababu kwenye namba zetu ndiko wino ulikoacha pengo kubwa, na uendeshe shoti kwa mwendo wake halisi ukirudiarudia. Kisha pandisha mwanga wa kioo kwa kitufe cha Exposure kilicho chini ya dirisha, ambacho hakigusi picha yenyewe, uangalie kivulini. Herufi zikionekana kama zimechongwa, upande mmoja mweupe na mwingine mweusi, traki imeteleza kwa pikseli moja au chini ya hapo. Mwelekeo wa ule weupe unakuonyesha pa kusukuma. Herufi zikionekana nzima lakini hafifu, traki ni nzuri, ramani ndiyo dhaifu: ongeza kidogo kwa Levels kwenye WINO, chaneli moja moja, ukianza na nyekundu.

Njia hii inafaa herufi zako kwa sababu wino bado unarudisha mwanga wa kutosha. Ingekuwa tatuu ya weusi mnene uliojazwa, uwiano ukishuka chini ya 0.3 hivi, ungekuwa unazidisha mara tatu na zaidi klipu ambayo kivulini karibu haina kitu, na badala ya ngozi ungepata chembechembe na vibokisi vya mgandamizo. Hata kwenye shoti yako huenda kuna fremu chache za namna hiyo, kivuli kizito kikiangukia herufi nene. Kwenye fremu hizo pekee, rudisha kiraka chako cha zamani juu, kwa traki ileile, na ukishushe mwanga kwa Curves hadi kilingane na ngozi inayokizunguka, fremu kwa fremu. Ni kazi ya mkono, inachosha, lakini kwa fremu chache za giza inakubalika.

Kama mna shoti nyingine za huyu mzee ambazo hamjapiga, mpeni msanii wa vipodozi zamu yake kwanza. Rangi ya chungwa iliyokolea chini ili kuua ule ubluu, kisha rangi ya ngozi juu, kisha poda. Hata ikifunika nusu tu ya wino, ramani yako itakuwa nyepesi na kivulini hakutakuwa na chembechembe za kupigana nazo. Ila wasifute herufi kabisa halafu jasho liyeyushe rangi katikati ya wimbo: utakuwa na tatuu inayotoka na kuingia, na herufi za kutrakia hazipo.